Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka: nani anafunga, nani yuko kazini, na kwa nini

Huku Mombasa ikikaribia Pasaka watu wa kliaringi na wanaoagiza mizigo nje huulizana swali moja: pesa nitume lini, na yule sapulaya kule nitampata ofisini ama nitapigia simu ukuta? Sisi jibu letu ni rahisi, Kenya imeandika zote mbili kwenye Sheria ya Sikukuu, Sura ya 110, Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka, benki zinafunga siku zote mbili hata kama bandari yenyewe hailali. Tatizo ni kwamba watu wengi wanachukua kalenda yetu wanaibandika kwa kila nchi yenye makanisa, wanasema ah wale Wazungu ni Wakristo watakuwa wamefunga. Sivyo kabisa. Marekani imejaa makanisa na serikali yao haifungi hata siku moja kati ya hizo mbili. Italia yuko Papa mlangoni na Ijumaa Kuu watu wako kazini. Uhispania Ijumaa wamefunga nchi nzima lakini Jumatatu Madrid wanafanya kazi.

Kwa hivyo nataka kuziweka nchi hizi ubavu kwa ubavu, na niseme sababu pia, manake ukishika sababu hata nchi ambayo sijaitaja utaweza kuikisia vizuri, na pale penye mtego utajua pa kuuliza. Nitatumia Pasaka ya 2026, Ijumaa Kuu tarehe 3 Aprili na Jumatatu tarehe 6 Aprili.

Anza na siku zenyewe, hazifanani. Ijumaa Kuu ni siku ya huzuni, ya kufunga, ya mauti ya Yesu. Jumatatu ni mwendelezo wa furaha ya kufufuka. Sasa kwa Wakatoliki wa zamani, siku ya kuacha kazi ilikuwa siku ya shangwe ambayo unatakiwa uende misa, na Ijumaa Kuu kanisa Katoliki halina misa kabisa, kuna ibada ya mateso tu, kwa hivyo Ijumaa Kuu haikuwa kwenye orodha ya siku ambazo muumini analazimika kuacha kazi aende misa. Jumatatu na hata Jumanne baada ya Pasaka ndizo zilizokuwa siku za mapumziko enzi hizo. Ndo maana ukitazama nchi nyingi za Kikatoliki za Ulaya leo, Italia, Ufaransa, Ubelgiji, Polandi, utakuta Jumatatu iko kwenye sheria na Ijumaa haiko. Watu wanashangaa, wanasema vipi siku kubwa vile ya kanisa iachwe, lakini ukiangalia kwa jicho la hao waliotunga orodha inaeleweka.

Walutheri wao waligeuza. Baada ya Luther msalaba ukawa ndio kitovu cha mahubiri, na Ijumaa Kuu ikapanda ikawa moja ya siku nzito kuliko zote, na ile Jumatatu ya zamani hawakuitupa. Kwa hivyo Ujerumani, Swideni, Denmaki, Norwe, zote mbili zimefungwa. Ujerumani mpaka leo Ijumaa Kuu majimbo yana sheria za utulivu, disko na dansi za hadharani zinazuiwa siku hiyo, kwa masaa tofauti jimbo kwa jimbo.

Afu kuna wa tatu, wale wafuasi wa Kalvini, ambao walisema siku takatifu kwenye Biblia ni ya Sabato peke yake, yaani Jumapili kwao, hizi zingine zote ni za watu. Skotlandi ilianza msimamo huo 1560, wakafuta Krismasi, wakafuta Pasaka, kila kitu. Wapuritani waliohamia Marekani walikuwa na fikra hiyo hiyo, Massachusetts 1659 walipitisha faini kwa anayesherehekea Krismasi. Krismasi baadaye ilirudi Marekani kwa nguvu ya wahamiaji na biashara, lakini Ijumaa Kuu na Jumatatu hazikuwahi kuingia kwenye sikukuu za serikali kuu, na katiba yao hairuhusu dini ya taifa kwa hivyo kuziongeza leo si jambo dogo. Baadhi ya majimbo yanafunga Ijumaa kwa sheria zao wenyewe, Jumatatu karibu haipo.

Sasa Uingereza, ambayo ndiyo inatuhusu sisi moja kwa moja manake kalenda yetu imetoka kwao. Uingereza Ijumaa Kuu na Krismasi zilikuwa siku za mapumziko kwa desturi tu, hakuna aliyehitaji kuziandika. Halafu 1871 mbunge mmoja ambaye pia alikuwa mwenye benki, John Lubbock, akapitisha sheria ya sikukuu za benki, na hapo ndipo Jumatatu ya Pasaka ikaandikwa rasmi. Ukisoma orodha ya Uingereza ya mwaka ule, Ijumaa Kuu haimo, na mtu anaweza kudhani walifanya kazi siku ile, kumbe haimo kwa sababu ilikuwa imeshafungwa toka zamani. Lakini orodha ya Skotlandi kwenye sheria hiyo hiyo Ijumaa Kuu imo na Krismasi imo, kwa kuwa kule desturi hiyo hawakuwa nayo ikabidi waandikiwe, na Jumatatu ya Pasaka wao hawakupewa. Mpaka leo kisheria Jumatatu ya Pasaka si sikukuu ya benki Skotlandi, ingawa mabenki yao siku hizi yanafunga pamoja na ya Uingereza ili malipo yasigongane.

Kuna kitu kidogo hapo ambacho mimi kinanifurahisha sana kwa kuwa kinaonyesha mambo haya toka zamani yalikuwa ya pesa. Kwenye sheria yao ya 1882 ya hati za madeni ya biashara, deni ambalo siku yake ya mwisho imeangukia Ijumaa Kuu ulitakiwa ulipe siku ya kazi ya kabla yake, lakini likiangukia sikukuu ya benki kama Jumatatu ya Pasaka ulilipa siku ya kazi inayofuata. Mapumziko mawili ya Pasaka ile ile, moja linakubana na lingine linakupa nafasi. Tofauti ilitoka hapo hapo, moja ni ya desturi ya zamani na nyingine imetengenezwa na bunge kwa ajili ya mabenki.

Basi Waingereza walipotawala walikuja na jozi kamili, na ndo maana sisi, Uganda, Tanzania, Afrika Kusini, wote tunafunga siku mbili. Tanzania bara hata kama ungesema imerithi kwa Wajerumani waliokuwepo kabla, jibu lingekuwa lile lile. Afrika Kusini Jumatatu yao wanaiita Siku ya Familia, jina la Pasaka limeondolewa, siku imebaki pale pale.

Lakini kurithi si kukaa nayo milele. Singapoo walirithi jozi hiyo hiyo, hata Jumamosi ya katikati ilikuwemo, halafu 1968 wakapunguza sikukuu ili biashara zisisimame sana, kila dini ikabakishiwa siku chache, Wakristo wakabaki na Ijumaa Kuu na Krismasi. Waislamu walipoteza Maulidi kwenye mpango huo huo. Kwa hivyo Singapoo leo Ijumaa wamefunga, Jumatatu wako kazini mapema. Hongkong kinyume chake, wamebaki na Ijumaa, Jumamosi na Jumatatu, zote tatu. Bandari mbili kubwa, mkoloni mmoja, na ukituma barua pepe Jumatatu moja inajibu nyingine kimya. India wao wana Ijumaa Kuu, Jumatatu hawana.

Ayalandi pia inachanganya watu. Ile sheria ya 1871 iliwahusu na wao, wakapata Jumatatu ya Pasaka, na siku hiyo ikazidi uzito kwa kuwa mapigano yao ya kudai uhuru yalianza Jumatatu ya Pasaka, 24 Aprili 1916. Ijumaa Kuu haijawahi kuwa sikukuu ya umma kwao mpaka leo. Kulikuwa na marufuku ya kuuza pombe kwenye baa siku hiyo mpaka 2018 ilipoondolewa, kwa hivyo wageni wengi walidhani ni sikukuu. Mabenki yanafunga na shule nyingi ziko likizo, lakini ofisi ya kawaida inaweza kuwa wazi na mfanyakazi akitaka kupumzika achukue likizo yake.

Ufaransa ndio mfano ninaoupenda kuliko yote. Napoleoni alipokubaliana na Papa 1801, sikukuu za kanisa zisizo za Jumapili zikapunguzwa zikabaki nne, na hakuna hata moja ya Pasaka ndani yake. Jumatatu ya Pasaka ilirudi kwa sheria ya 8 Machi 1886. Ijumaa Kuu haikurudi. Isipokuwa kipande kimoja cha mashariki, Alsasi na Moseli, ambacho Ujerumani ilikitwaa 1871, na 1892 ikatoa amri kwamba Ijumaa Kuu ni sikukuu katika miji yenye kanisa la Kiprotestanti. Ufaransa ilirudishiwa eneo lile 1918 lakini sheria nyingi za kienyeji zikaachwa zilivyo. Matokeo yake tarehe 3 Aprili 2026 mteja wako wa Strasbogi hayupo, na wa Lioni anakujibu kama kawaida, nchi moja, bendera moja. Mtu akikwambia "Ufaransa haifungi Ijumaa" yuko sawa, lakini muulize mji gani.

Nchi zenye lugha ya Kihispania na Kireno zinavunja ile kanuni niliyosema ya Wakatoliki. Uhispania, Ureno, Brazili, Ufilipino, wao ni Ijumaa. Kule Juma Kuu lenyewe ndio tukio, maandamano ya barabarani na masanamu ya mateso, mji mzima unasimama, na siku ya kilele ni Ijumaa, kwa hivyo serikali zikafuata watu walipo. Jumatatu Ureno hawana, Brazili hawana, Uhispania inategemea jimbo: Katalonia na Valensia wanafunga, Madrid hapana. Kwa wale wa Mombasa wanaoagiza tailsi za Uhispania hili ni la maana, kwa kuwa viwanda vingi vya tailsi viko Kastelyoni, jimbo la Valensia, kwa hivyo wao siku zote mbili hawapo. Ukiangalia kalenda ya "Uhispania" kwa jumla utaona Jumatatu imeachwa wazi, utakaa unasubiri jibu bure.

Waothodoksi wana siku zao. Wanahesabu Pasaka kwa kalenda ya zamani, miaka mingine inagongana na yetu kama 2025, wote ilikuwa 20 Aprili, lakini 2026 yao ni 12 Aprili. Ugiriki inafunga Ijumaa na Jumatatu zote, ila ni tarehe 10 na 13. Ethiopia wanafunga Ijumaa yao tarehe 10. Huku kwetu bandarini kuna meli nyingi zenye wenyewe Wagiriki, na nimeona watu wakipanga vizuri kabisa kwa Pasaka yetu, wiki inayofuata wanarudi kwa kasi, wanapigia Pirayo hakuna mtu.

Sasa tuje kwenye kuchagua, na hapa nataka twende taratibu kwa mfano mmoja. Tuseme una vitu viwili vya kulipia kabla ya Pasaka ya 2026. Kimoja ni spea za mashine kutoka Roterdamu, invoisi ya yuro, sapulaya anasema hataachia hati za mzigo mpaka aone pesa kwa akaunti. Kingine ni gari kutoka Japani, invoisi ya dola. Akaunti yako ina hela ya kulipa vyote lakini leo ni Jumatano tarehe 1 Aprili jioni na utaweza kushughulikia kimoja tu kesho asubuhi, kingine kisubiri. Utaanza na kipi?

Wengi wangeanza na gari, wakisema Mholanzi Ijumaa yuko kazini. Na kweli, Uholanzi Ijumaa Kuu si sikukuu ya lazima, Jumatatu ndiyo imefungwa, kwa hivyo yule sapulaya Ijumaa atakuwepo, atapokea simu, hata atakutumia meseji "pesa bado". Lakini pesa ya yuro haifuati kalenda ya Uholanzi. Malipo makubwa ya yuro kati ya benki na benki yanapita kwenye mtambo wa Benki Kuu ya Ulaya unaoitwa T2, na T2 unafunga Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka kwa nchi zote za yuro, iwe Italia ambako watu wako kazini Ijumaa, iwe Ugiriki ambako Pasaka yao ni wiki ijayo. Huku kwetu nako benki zimefungwa siku hizo hizo. Kwa hivyo yuro isipoondoka na kufika Alhamisi tarehe 2, siku inayofuata ya kufanya kazi ni Jumanne tarehe 7. Hiyo ni Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na Jumatatu zote, na kontena haliachi kuhesabiwa siku kwa sababu ya Pasaka ya mtu.

Dola ni hadithi nyingine. Benki Kuu ya Marekani inafanya kazi Ijumaa Kuu na Jumatatu, Japani hawana sikukuu siku hizo, kwa hivyo kwenye njia nzima aliyefunga ni sisi tu. Dola ikitoka kwa benki yako Alhamisi, hata ikichelewa kupita Nyuyoku, Ijumaa inaendelea kusafiri na Jumatatu pia. Kitu kimoja kinachodanganya watu hapa ni soko la hisa la Nyuyoku, hilo linafunga Ijumaa Kuu, mtu anaona kwenye habari "soko la Marekani limefungwa" anadhani benki pia. Hapana, ni soko la hisa.

Kwa hivyo kati ya hivyo viwili mimi ningetanguliza yuro asubuhi mapema, kabla ya saa ambayo benki yako inafunga kupokea malipo ya nje ya siku ile, maana hiyo ndiyo yenye nafasi moja tu ya kufika. Pesa ya gari ikikosa Alhamisi itasubiri Jumanne nayo, huo ndio ukweli, kwa kuwa benki yetu imefungwa, lakini ikipita Alhamisi mchana inaweza kuwa imefika Japani kabla sisi hatujafungua. Kama benki yako inakutaka siku mbili za kazi kubadilisha shilingi kuwa yuro, basi Jumatano imeshachelewa, ulitakiwa uwe umeanza Jumanne tarehe 31 Machi, kwa kuwa siku mbili za kazi baada ya Jumatano zinahesabika Alhamisi halafu zinaruka mpaka Jumanne tarehe 7.

Paundi ni kama yuro, Ijumaa na Jumatatu benki za Uingereza hazilipi kitu, hapo hakuna mtego. Dubai hawana Pasaka kabisa, ila Ijumaa tangu 2022 ofisi zao za serikali ni nusu siku, kwa hivyo shughuli ya hati za serikali imalize asubuhi yao. Uchina ndio wa kuangalia mwaka huu: Pasaka hawaijui, lakini siku yao ya kusafisha makaburi ya wazee imeangukia 5 Aprili, na likizo yao rasmi ni tarehe 4 mpaka 6. Yaani Ijumaa wako kazini, Jumatatu wamefunga kama sisi, kwa sababu isiyohusiana na Yesu hata kidogo. Mwaka 2027 Pasaka iko 28 Machi na siku yao hiyo ya makaburi haitembei na Pasaka, kwa hivyo usinakili mpango wa mwaka huu kwa mwaka ujao.

Na kwa wale wanaofanya kazi za mtandaoni wakiwa hapa Mombasa kwa kampuni za nje, mkataba ukisema "sikukuu za umma" bila kutaja nchi, uliza kabla ya kusaini. Kalenda ya Ujerumani ama Uingereza inakupa siku zote mbili, ya Uholanzi ni Jumatatu tu, ya Ureno ni Ijumaa tu, ya Marekani hupati hata moja. Austria walikuwa na mpango wa peke yake, Ijumaa Kuu ilikuwa sikukuu ya Waprotestanti na madhehebu mengine machache tu, mwingine akifanya kazi haongezewi kitu, mpaka Januari 2019 Mahakama ya Umoja wa Ulaya ikasema huo ni ubaguzi. Serikali badala ya kuwapa wote ikaifuta, ikasema kila mfanyakazi achague siku moja ya mwaka aitoe kwenye likizo yake mwenyewe. Sisi wa pwani jambo hili tunalielewa haraka, sheria yetu pia ina siku za dini fulani tu, kama Diwali kwa Wahindu.

Ukitaka kujua nchi ambayo sikuitaja, usiulize "je ni nchi ya Kikristo". Uliza kwanza Pasaka yao ni tarehe gani, halafu tafuta orodha ya sikukuu ya mji wa yule unayemlipa, sio ya nchi tu, halafu muulize mtu wa benki yako malipo ya sarafu ile yanafungwa siku gani. Hilo la mwisho ndilo watu hawaulizi, na ukipiga simu benki Jumatatu ya wiki ya kabla, tarehe 30 Machi, bado una muda wa kubadilisha mpango.